Alama 90 kwenye programu ya matamshi, na mgeni bado anasikia hamsini

Swali: "Naongoza wageni hapa Bagamoyo, Kaole na Mji Mkongwe. Programu ya matamshi ya Kiingereza kwenye simu inanipa alama 90 na kuendelea, kijani tupu, lakini nikitaja bei au mwaka wageni wananiuliza tena. Halafu kuna maneno inayatia rangi nyekundu kila siku ambayo wageni wanayaelewa bila shida. Nimfuate nani, simu au mgeni?"

Jibu: Kwenye bei na miaka, mfuate mgeni. Kwenye sauti moja moja, hasa konsonanti, simu inaweza kukufaa kuliko mgeni, kwa sababu mgeni mstaarabu hatakuambia kwamba "thirteen" yako imeanza na "s". Atakisia kutokana na maelezo yako na matembezi yataendelea. Ila usiiamini alama yenyewe kabla hujajua imepatikanaje.

Kwenye simu yako kuna visikilizaji viwili, na watu wengi huvichanganya. Cha kwanza ni programu ya kupima: sentensi iko kwenye skrini, unaisoma, inakupa alama na rangi. Cha pili ni ile alama ya kipaza sauti kwenye kibodi, unayoibonyeza ukitaka kuandika ujumbe kwa kusema. Cha kwanza kinajua tayari unachotaka kusema. Cha pili hakijui, kinalazimika kukisia. Hapo ndipo tofauti yote ilipo, na unavihitaji vyote viwili kwa kazi mbalimbali.

Tuanze na programu ya kupima. Kwa kuwa inayo sentensi mkononi, haijiulizi umesema nini. Inachukua sauti yako, inaikata vipande vidogo sana, kwa kawaida kimoja kila sehemu ya mia ya sekunde, kisha inavipanga vipande hivyo chini ya sauti zinazotarajiwa: hapa ndipo f ilipo, hapa i, hapa t. Baada ya hapo inauliza kwa kila sauti: kipande hiki kinafanana kiasi gani na sauti iliyotarajiwa, ukilinganisha na sauti nyingine ambazo kingeweza kuwa? Njia hii ilielezwa vizuri na Silke Witt na Steve Young wa Cambridge katika makala yao ya mwaka 2000, na programu nyingi za leo bado zimejengwa juu ya wazo hilohilo, hata kama mashine ya ndani imekuwa na nguvu zaidi.

Kwa njia hiyo, programu hunasa vizuri sauti zinazotofautiana waziwazi. Ukiweka l mahali pa r, itakuona. Ukisema "sirtin" kwa "thirteen" au "zis" kwa "this", itakuona pia, na hapa watu wa mwambao mna bahati: th ya thamani na dh ya dhahabu mnazo tangu utotoni, kazi ni kuzikumbuka tu mnapoingia kwenye Kiingereza. Itajua umeruka neno. Itapima kasi yako na vituo vyako kwa usahihi ambao sikio la mtu haliufikii. Katika mambo hayo, nyekundu inayorudi mahali palepale ichukulie kwa uzito.

Sasa njoo kwenye bei. "Fifteen" ina sauti sita: f, i fupi, f, t, i ndefu na n. Tuseme programu imezipa 98, 95, 97, 92, 60 na 94. Jumla ni 536, gawa kwa sita, unapata 89. Neno linapakwa kijani, nawe unaendelea mbele. Lakini tazama ile 60: ni ya i ndefu, na i ile ni sehemu ya kitu kinachoitenga 15 na 50. Sauti nne za mwanzo zilizokupandishia alama zimo vilevile ndani ya "fifty". Programu imekusifu kwa yale ambayo namba zote mbili zinayo kwa pamoja. Kwa hiyo usisome alama ya neno zima. Gusa neno, programu nyingi zitakufungulia alama ya kila sauti, na hapo ndipo pa kusoma.

Hata hivyo, sauti zenyewe si tatizo kubwa kwako. Tatizo kubwa ni mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: kiTAbu, BagaMOyo. Mdomo wako unafanya hivyo bila kukuuliza. Ukitamka "fifteen" kwa silabi mbili, mkazo unakwenda wenyewe kwenye ya kwanza: FIFtin. Mgeni anayesikia mkazo mwanzoni na mwisho mfupi anasikia "fifty", kwa sababu katika Kiingereza "fifty" ndiyo yenye mkazo mwanzoni na "fifteen" ikitajwa peke yake hukaziwa mwishoni. Anayesema "fiftini" kwa silabi tatu, kama wanavyosema watu ambao hawakukaa sana darasani, kwa mkazo ule ule wa Kiswahili anaangukia fifTIni, na mkazo unatua mahali unapotakiwa. Ana i ya ziada mwishoni, lakini kwenye bei anaweza kueleweka kuliko aliyesoma.

Programu nyingi za kupima hazisikii mkazo, au zinausikia kidogo tu. Zinapima kila sauti peke yake, ilhali mkazo unakaa katika uhusiano wa silabi na silabi: ipi ndefu zaidi, ipi yenye nguvu, ipi iliyopanda. I ya ziada mwishoni nayo hupita mara nyingi, kwa kuwa katika kupanga vipande mashine inaweza kuimeza ndani ya n au kuihesabu kama kelele baada ya neno. Urefu wa irabu uko njia panda: mara inanaswa, mara haimo. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza cha Uingereza hufundishwa kuwa nazo kama ishirini, na nyingi kati ya hizo zinakaribiana kiasi kwamba mashine yenyewe inayumba.

Zipo programu zinazotangaza kwamba zinapima mkazo na kiimbo, na baadhi kweli zinapima. Usikubali tangazo, jaribu mwenyewe kwa kukosea makusudi. Tafuta ndani ya programu, au andika mwenyewe kama inaruhusu, sentensi "I said fifteen." Isome mara tatu kadiri uwezavyo, uandike alama za neno la mwisho. Kisha, skrini ikiwa ileile, sema mara tatu "I said fifty", tena kwa sauti safi. Mwisho isome mara tatu kwa FIFtin, mkazo mwanzoni. Ikiwa awamu ya pili imeshuka sana, programu inasikia tofauti ya sauti, yaani imeona kwamba n haipo. Ikiwa awamu ya tatu haijashuka hata kidogo, programu hiyo ni kiziwi wa mkazo, na kijani chake kwenye namba hakina maana kwako. Ikiwa hata awamu ya pili imebaki juu ya 80, ondoa kabisa programu hiyo kwenye mazoezi ya namba. Jaribio hili linachukua dakika tano, na unaweza kulifanya kwa jozi yoyote inayokusumbua: "ship" na "sheep", "back" na "bag", "price" na "prize".

Kisikilizaji cha pili, kile cha kibodi, kina kasoro ya upande mwingine. Kimetengenezwa ili kimwelewe kila mtu, hivyo kinatumia akili ya sentensi kuziba mapengo ya sauti. Ukisema vibaya "The mosque at Kaole is from the thirteenth century", kikasikia kitu kilicho kati ya ya 13 na ya 30, kitaandika ya 13, kwa sababu hakuna anayezungumzia karne ya 30 mbele ya magofu. Wewe utafurahi bure. Mgeni naye husaidiwa vivyo hivyo, ndiyo maana kwenye karne hamkwami. Mnakwama kwenye bei, ambapo dola 15 na dola 50 zote zinawezekana.

Basi kinyime kisikilizaji cha kibodi msaada huo. Weka lugha ya kibodi iwe Kiingereza, fungua ukurasa mtupu wa kuandikia, kata vikaratasi kumi, vitano viandikwe 15 na vitano 50, vichanganye. Chukua kimoja kimoja, sema "I said" na namba iliyomo, acha simu iandike, usirudie hata kama imekosea. Mwishoni linganisha. Sentensi hiyo haielemei upande wowote, kwa hiyo simu inabaki na sauti yako tu. Ikipata tisa au kumi, matamshi yako yanatofautisha. Ikipata tano au sita, ni sawa na kurusha sarafu, hata kama ile programu nyingine imekupa 95. Na tazama imekosea upande gani: kama vikaratasi vya 50 vyote vimeandikwa sawasawa, lakini vya 15 vimeandikwa 50, basi "fifty" yako ni nzima na kazi yote iko kwenye "fifteen". Fanya hivyo pia kwa 13 na 30, 14 na 40, 18 na 80.

Ukishajua hivyo, tengeneza vitu vinne mdomoni. Silabi ya mwisho, "teen", iwe ndefu kuliko ya kwanza, waziwazi. Midomo ivutwe pembeni kama ya mtu anayetabasamu. T iwe na pumzi: shika kipande chembamba cha karatasi mbele ya mdomo, useme "teen", karatasi itikisike. Wazee wa pwani wanaotenganisha paa la nyumba na paa wa porini kwa pumzi wataipata siku hiyohiyo. Na n ikae: ncha ya ulimi iguse nyuma ya meno ya juu na ibaki pale mpaka sauti iishe, bila kufunguka kuwa "ni". Kuhakikisha n ipo, bana pua katikati ya neno. Sauti ikikatika, n ipo, isipokatika hukuifikia.

N hiyo ina kazi kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu wazungumzaji wazawa wenyewe huuhamisha mkazo. Wakisema "fifteen dollars", mara nyingi mkazo wa "fifteen" unarudi mwanzoni kwa kulikimbia neno linalofuata lenye mkazo mwanzoni. Hapo kinachobaki kuitenga na "fifty dollars" ni ile irabu ndefu na n. Kwa hiyo usishangae ukiisikia sauti ya mfano ndani ya programu ikisema FIFteen; haijakosea. Wewe unapotaja bei, weka mkazo mwishoni, au taja namba kisha utulie kidogo kabla ya "dollars".

Miaka ina mtego wake, na kwenye matembezi yako unaukanyaga kila siku. Unapoeleza kwamba Wajerumani walihamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, unasema "eighteen ninety-one". N ya mwisho ya "eighteen" inagusana na n ya kwanza ya "ninety". Zikiyeyuka kuwa moja fupi, mgeni anasikia "eighty ninety-one", namba isiyokuwepo, anakuuliza tena. Programu ya kupima itakupa kijani kwa maneno yote matatu, kwa sababu n moja inatosha kugawiwa pande zote mbili. Dawa ni kuishikilia n hiyo kwa muda wa n mbili, kama unavyoishikilia m ya kwanza katika "mmoja". Ukitaja 1868, mwaka ambao wamisionari wa Roho Mtakatifu walianza misheni Bagamoyo, mtego huo haupo, maana "sixty" inaanza na s. Jirekodi ukisema miaka yote miwili, usikilize kesho yake, utaisikia tofauti.

Sasa zile nyekundu za uongo. Kabla hujaanza kurekebisha mdomo, uliza mambo manne. Kwanza, programu imewekwa kwenye lafudhi gani? Shuleni kwetu Kiingereza huegemea cha Uingereza, ambapo r ya "thirteen" haisikiki. Ikiwa mpangilio ni wa Kimarekani, r hiyo inadaiwa, nawe utapigwa nyekundu kila siku kwa neno ambalo Mwingereza hana tatizo nalo. Badili mpangilio, au amua kujifunza r hiyo, lakini usihangaike bila kujua sababu.

Pili, sauti inaingiaje? Hedifoni zisizo na waya zinapotumia kipaza sauti chake zinaweza kubana sauti kama simu ya zamani, na kinachokatwa ni sehemu ya juu, palepale ambapo f, s na th hutofautiana. Tumia kipaza sauti cha simu yenyewe, kikiwa shibiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo ili pumzi ya p na t isikipige. Upepo wa ufukweni ni adui. Fanya mazoezi ndani. Tatu, je, unaanza kusema kabla programu haijafungua sikio? Nyekundu inayokaa kwenye sauti ya kwanza ya sentensi tu, kila sentensi, karibu siku zote ni hiyo. Bonyeza, hesabu moja moyoni, ndipo uanze. Nne, neno lenyewe ni jina la mahali? "Kaole" na "Bagamoyo" huenda hayamo kwenye kamusi ya programu, au yameingizwa kwa matamshi ya kubuni. Ukipata nyekundu kwenye jina la mji wako, achana nayo. Wewe ndiye unayelijua.

Kama bado una shaka, chukua simu ya pili, icheze sauti ya mfano ya programu hiyohiyo mbele ya simu yako. Ikiwa mzawa aliyerekodiwa na wenyewe naye anapigwa nyekundu mahali palepale, tatizo ni kipaza sauti, chumba au programu. Akipita kijani mara tatu nawe ukakataliwa mara nne kati ya tano kwenye sauti ileile, hapo chukua daftari. Nyekundu inayohamahama, leo kwenye f, kesho kwenye i, ni kelele tu.

Mashine hizi pia hazisikii watu wote kwa usawa, na hilo linaniuma kwa niaba ya wanafunzi wetu. Mwaka 2020 watafiti wa Stanford walichapisha kipimo cha mifumo ya kuandika sauti ya kampuni tano kubwa za Marekani: kwa wazungumzaji Wazungu, kama maneno 19 kati ya 100 yalikosewa; kwa Wamarekani weusi, 35. Wote hao ni wazawa wa Kiingereza. Mifumo imebadilika tangu hapo, lakini chanzo ni kilekile: mashine inasikia vizuri sauti zinazofanana na zile ilizofundishwa, na lafudhi ya Mtanzania hupatikana kwa uchache sana humo. Alama ya chini inaweza kumaanisha tu kwamba husikiki kama watu wa kwenye hazina yake. Hiyo haikufanyi usieleweke.

Kwa hiyo usifukuze 100. Ili kuipata, watu huanza kutamka neno moja moja kwa kituo kila baada ya neno, na alama ya sauti inapanda kweli, lakini mgeni anapata sentensi iliyokatikakatika. Panga hivi: chagua sentensi tatu unazozisema kila siku, moja ya bei, moja ya mwaka, moja ya maelekezo. Dakika kumi kwa siku zinatosha. Programu ya kupima itumie kwa swali moja tu kwa siku, mathalani th leo, r na l kesho. Vikaratasi vya kibodi vifanye mara mbili kwa wiki, uandike matokeo na tarehe.

Mtihani wa mwisho ni wa watu. Mwongozaji mwenzako akupe mgongo hatua kumi kutoka ulipo, umtajie namba, aandike. Ila yeye ana lafudhi yako, atakuelewa hata unapokosea, hivyo huyo ni wa kuanzia tu. Kwa mgeni, taja bei kisha muulize kwa upole arudie ili mwandike risiti. Akirudia 50 badala ya 15, andika kwenye daftari ni namba gani na mlikuwa wapi, ndani au barabarani. Na katika wiki hizi ambazo mdomo bado unajifunza, usiache fedha itegemee n moja: sema "fifteen, one five", kwa tarakimu moja moja, na "fifty, five zero". Kwenye mawasiliano ya redio ya ndege tarakimu hutajwa hivyo kwa sababu hiyohiyo.